Lipa wawili, tunanyoa watatu

Kosa lilikuwa kwenye herufi O. Niliichora kubwa mno, O ya kwanza kabisa ya neno OFA, ikachukua nafasi ya herufi mbili, na kama umewahi kuandika kitu kwa brashi kwenye boksi unajua ukianza na herufi kubwa huwezi kurudi nyuma, inabidi zote zinazofuata ziwe kubwa vilevile la sivyo maandishi yanaonekana kama yamechoka njiani.

Mimi ni kinyozi, sio mchoraji. Nina kiti kimoja cha kunyolea, benchi la kusubiria, mashine mbili, trima moja na dogo mmoja anayefagia, anapiga burashi, anajifunza kazi ila bado sijamruhusu ashike kichwa cha mtu. Siku ya tatu kabla ya sikukuu nikaona jirani zangu wote wametundika vitambaa na taa, mimi mlango mtupu, nikasema ngoja na mimi nitoke na kitu. Kulikuwa na boksi kubwa la feni, nikalikata, nikalifungua, nikageuza upande wa ndani ambao hauna maandishi ya kiwanda.

Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba boksi linakunywa rangi. Mpako wa kwanza mweupe ulipotea kabisa, ukaacha madoa kama umemwagia maziwa kwenye mchanga. Nikapaka wa pili, ukashika, lakini kufika jioni boksi lote limejikunja kama jani kavu, kwa sababu ile rangi ya maji inalowesha upande mmoja, upande ule unatanuka, halafu ukikauka unavuta. Dawa yake niliigundua kwa hasira tu, nikaligeuza nikapaka na nyuma pia, asubuhi nikalikuta limejinyoosha. Na kingine, boksi lina ile mistari ya mawimbi ndani, ukilisimamisha mistari ikiwa imelala linapinda katikati lenyewe, ukilisimamisha mistari ikiwa wima linakaa kama askari. Langu nilishalikata kinyume, basi nikaliegemeza na kijiti kwa nyuma.

Sasa maandishi. Kichwani mwangu yalikuwa hivi, neno kwa neno: OFA YA SIKUKUU, LIPA WAWILI TUNANYOA WATATU, FAMILIA MOJA, KABLA YA SAA 6 MCHANA. Nilikuwa namfikiria baba mwenye watoto wawili, au mama analeta vijana wake watatu asubuhi mapema wakati mimi huwa nimekaa natazama barabara. Ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote, kwamba asubuhi kiti kiko wazi, bora kijae kwa bei pungufu kuliko kikae bure.

Ila ile O. Nilipomaliza SIKUKUU nimeshakula theluthi moja ya boksi. LIPA WAWILI ikachukua theluthi ya pili, TUNANYOA WATATU ikabana lakini ikaenea, na familia moja kabla ya saa 6 mchana ikabaki na ukanda mwembamba chini kabisa, nikaiandika kwa ncha ya brashi, herufi ndogondogo, nzuri tu ukiinama. Nikavuka barabara kwenda kuangalia kama inasomeka. Yale makubwa yalisomeka mpaka huko. Yale madogo sikuyaona lakini nikajiambia mtu akisogea ataona.

Asubuhi ya mkesha dogo akaliweka nje, akaliegemeza ukutani nyuma ya benchi.

Nyuma ya benchi. Yaani ubao wa kukalia ukaziba ule ukanda wa chini kama umepimwa. Mimi niko ndani natia mafuta mashine, sijui lolote.

Nilifungua saa 1 na nusu, mapema kuliko kawaida. Kundi la kwanza lilikuwa kama nilivyoota, baba na wanawe wawili, nikawanyoa huku najipongeza. Kundi la pili vijana watatu, nikadhani ndugu. La tatu ndipo nikaanza kushangaa, maana aliingia mzee mmoja wa makamo, kijana mwenye rasta fupi anataka zitoke, na jamaa mwenye mkoba wa kazini, na hawa watu hawafanani hata kucha.

Nikamuuliza yule mzee, "Shikamoo mzee, hawa ni vijana wako?"

"Marahaba. Hawa? Tumejuana hapo nje sasa hivi," akasema, anakaa kwenye kiti. "Wewe si umesema watatu? Tuko watatu."

Nikatoka nje. Wakuu, nilikuta foleni imetoka kwenye benchi, imepita mlango wa jirani, inakaribia kona, na katikati kuna jamaa amejipa kazi ya kupanga watu, anaita kabisa, "Hapa tuko wawili, tunatafuta wa tatu! Wa tatu mmoja!" Mtu akifika peke yake anadakwa, anawekwa kwenye kundi, wanakubaliana palepale namna ya kuchanga, kwamba wanagawa malipo ya watu wawili kwa tatu, kila mmoja anatoa theluthi mbili tu ya bei. Hawakunidanganya, hakuna aliyekosea, walisoma nilichoandika. Nikaangalia boksi, nikaangalia benchi, nikamwangalia dogo. Dogo akaangalia chini.

Ningeweza kusogeza benchi na kuwaonyesha ule mstari. Nilifikiria kwa dakika nzima. Lakini watu walishakaa, wengine wameshanyolewa kwa masharti hayohayo mbele ya macho yao, na ukimbadilishia mtu bei akiwa kwenye foleni siku ya mkesha hutanyoa kichwa, utanyoa kesi. Nikaacha.

Saa 3 nikahesabu waliopo. 14. Hapa ndipo kazi ya kinyozi inageuka kuwa hesabu, na ni hesabu rahisi ambayo nilikuwa sijawahi kuifanya kwa sababu sijawahi kuihitaji. Kwa wastani kichwa kimoja kwangu ni dakika 22, kuanzia mtu anakaa mpaka nimemkung'uta shuka. 14 mara 22 ni dakika 308, ni masaa matano na chenji. Maana yake huyu wa mwisho ambaye ametulia pale anatabasamu atakaa kwenye kiti karibu na saa 8 mchana, na hajui, na mimi ndiye nisiyemwambia. Watu hawachukii kusubiri sana kama wanavyochukia kusubiri bila kujua.

Tukachukua mabaki ya lile boksi, tukakata vipande vidogo, kila kipande namba, na chini ya namba saa ya makadirio. Nikamwambia dogo, kuanzia namba 6 kwenda mbele waambie waende wakafanye shughuli zao, warudi nusu saa kabla. Nusu yao wakaondoka. Foleni ikapungua kwa macho, ingawa kwa kweli haikupungua hata kichwa kimoja, na jambo la ajabu ni kwamba ilipofupika wapita njia wengine wakaona pako wazi wakasogea. Nikaanza kuelewa kwamba foleni yenyewe ilikuwa tangazo, la pili baada ya boksi.

Halafu kuna suala la nani anakaa kwanza. Huu wastani wa dakika 22 unaficha mambo. Mtoto anayetaka namba moja kichwa kizima, kile kichana cha milimita 3, huyo ni dakika 10 kama hatikisiki. Kijana anayetaka fedi, ianze na ngozi tupu chini ipande taratibu bila mstari kuonekana, huyo ni dakika 35 na usimharakishe maana mstari ukibaki unabaki mpaka sikukuu iishe. Mchana kundi moja lilikuwa na watoto watatu wa namba moja, na mbele yao kwenye zamu kuna kijana wa fedi. Nikimtanguliza kijana, mtoto wa kwanza anasubiri dakika 35, wa pili 45, wa tatu 55. Jumla ya kusubiri ni dakika 135. Nikitanguliza watoto, wa kwanza hasubiri, wa pili 10, wa tatu 20, na kijana 30, jumla 60. Kazi ni ileile, mikono ni ileile, ila kelele za benchi zinapungua zaidi ya nusu.

Lakini zamu ni ya kijana. Hesabu haikupi haki ya kumruka mtu. Nikamwambia wazi, "Kaka, hawa wadogo ni nusu saa wote, ukiwapisha nakukalisha bila presha na fedi yako naitengeneza kwa utulivu." Akakubali, tena kwa raha, akasema na yeye ana mdogo wake hawezi kukaa kimya. Angekataa ningemkalisha yeye. Nilijaribu mara ya pili kwa jamaa mwingine akakataa, nikamkalisha, mwisho wa habari.

Kufika saa 7 mashine ikaanza kuongea. Yaani sauti inabadilika, inakuwa nzito, na bledi inapata joto. Ile ya waya huwa inapata moto baada ya vichwa vinne vitano mfululizo, na mteja hakwambii mapema, anainua bega tu kidogo ukipita nyuma ya sikio. Mimi huwa naigusisha ndani ya kifundo cha mkono, pale ambapo unahisi mshipa, nikiona siwezi kuiacha pale bila kuitoa basi siwezi kuiweka kwenye shingo ya mtu. Siku za kawaida naipumzisha. Siku ile kuipumzisha ni dakika ambazo sina. Ikabidi mashine mbili zipokezane, moja kichwani, moja kwa dogo anaipiga burashi, anaipulizia spiriti, anatia matone mawili matatu ya mafuta kwenye meno, anaiwasha sekunde chache mafuta yasambae, anafuta yaliyozidi. Mafuta yakikosekana bledi inasugua chuma kwa chuma, inapata moto haraka, na mbaya zaidi inaacha kukata inaanza kung'oa. Ukiona mteja anatoa machozi jicho moja, hajakumbuka mtu, bledi yako ni butu.

Na hapa niseme kitu ambacho wenzangu wengi wanakiruka foleni ikiwa ndefu. Spiriti haifanyi kazi juu ya nywele. Ukiipulizia bledi iliyojaa vinyweleo na mafuta ya kichwa cha aliyepita umelowesha uchafu tu. Burashi kwanza, meno yaonekane, ndipo spiriti, na uiache ikauke yenyewe, usiifute papo hapo. Ile ya asilimia 70 ndiyo nzuri kuliko ile kali kabisa, kwa sababu ile kali inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Dogo nilimpa kazi hiyo tu siku nzima, na nilimwambia mtu akikuharakisha mwelekeze kwangu.

Kutokubali kuharakishwa kulitusaidia saa 9. Kwenye kundi la saba kulikuwa na mtoto, wa miaka sita saba hivi, ameletwa na baba yake na mjomba. Nikamtandikia shuka, nikatenganisha nywele kwa kidole kama ninavyofanya kwa kila mtu kabla ya kuwasha, nikakuta duara juu ya sikio, nywele zimekatika chini kabisa, ngozi ina magamba meupe. Mapunye. Na kando kuna jingine dogo linaanza.

Hapo benchi limejaa, watu wanachungulia, baba ana haraka. Sikuwasha mashine. Nikamwita baba pembeni kama namuuliza mtindo, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ana fangasi wa kichwani, nikimnyoa mashine itawabeba mpaka kwa anayefuata, na kwake mwenyewe kunyoa hakutibu. Akasema wanampaka dawa nyumbani. Nikamwambia ya kupaka peke yake kwa kawaida haitoshi kwa kichwa, maana hawa wadudu wanaingia mpaka kwenye shina la unywele, hospitali watampa ya kumeza na itachukua wiki kadhaa, na chanuo na kofia asichangie na wenzake. Alinyamaza. Nilidhani atagomba. Akauliza tu, "Sasa kundi letu limebaki wawili, ofa imekufa?"

Kabla sijajibu yule mpanga foleni, ambaye wakati huo alikuwa ameshanyolewa zamani na alibaki tu kwa kupenda, akapaza sauti mlangoni, "Wa tatu mmoja!" Wakapata. Yule mtoto akakaa kwenye kiti cha dogo, akapewa kazi ya kuita namba. Aliita kwa sauti kubwa mpaka jioni, na baba yake hakuwa na haraka tena.

Kwenye saa 12 jioni mgongo ulikuwa umeondoka kwangu. Kinyozi hachoki mikono kwanza, anachoka kiuno na nyayo, kwa sababu unazunguka kiti masaa yote umeinama kidogo upande mmoja. Nilikitazama kiti nikagundua nilikuwa nakiacha chini siku nzima ili watoto wapande kirahisi, hata watu wazima nawanyoa nimejikunja. Nikakipandisha, nikapata ahueni, nikajilaumu kimyakimya.

Nilifunga saa 3 usiku. Dogo alikuwa anapiga vijistari kwenye kona ya kioo kwa kipande cha sabuni, vitano vitano. Tukahesabu. Vichwa 33. Sijawahi kunyoa vichwa 33 kwa siku moja tangu nianze kazi hii, nikapiga mkono na dogo, tukacheka kama wendawazimu.

Halafu nikakaa nikafikiri. 33 ni makundi 11, kila kundi limelipa watu wawili, kwa hiyo nimelipwa vichwa 22. Nikafungua daftari la mwaka uliopita, mkesha uleule, hakuna ofa, hakuna boksi, hakuna mtu anayeita wa tatu. Vichwa 26, wote wamelipa kamili, nimefungua saa 2 nimefunga saa 12 jioni nikaenda nyumbani kuoga.

Mnaona? Nimenyoa saba zaidi, nimelipwa wanne pungufu, nimesimama masaa matatu na nusu ya ziada, na spiriti, mafuta na betri vyote vimekwenda zaidi. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani dogo amekosea vijistari.

Kosa la kwanza ni lile benchi, ndiyo, lakini hata benchi lingekaa pembeni kosa kubwa lingebaki. Mimi siuzi nywele, nauza dakika za kiti kimoja, na siku ya mkesha dakika zile zinajaa zenyewe, kila mtu anataka kichwa safi. Nilipunguza bei ya kitu ambacho kilikuwa kinagombaniwa. Ile asubuhi yangu ya kutazama barabara ni ya siku za kawaida, siyo ya mkesha. Mwenye kuuza vitu vinavyokaa kwenye rafu, ofa inamsaidia kumaliza mzigo. Kwangu mimi kichwa cha tatu cha bure kinakula dakika 22 zilezile ambazo mwenye kulipa kamili angekaa.

Kuna upande wa pili na sitaki kuuficha. Kati ya wale 33, nusu na zaidi kidogo sikuwahi kuwaona. Nywele zinaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, fedi inapoteza sura ndani ya wiki mbili, kwa hiyo baada ya wiki tatu nikajua nani karudi na nani alifuata boksi tu. Walirudi watano. Watano, wakinyolewa kila wiki mbili tatu kwa bei kamili, watafidia yale malipo manne niliyopoteza haraka sana. Kwa hiyo siwezi kusema nililia. Ila sijui wangapi kati ya hao wangeingia hata bila ofa, kwa kuona watu wamejaa tu, na hilo linaninyima usingizi zaidi kidogo kuliko mgongo.

Yule baba wa mtoto alirudi pia, peke yake, akaniambia mtoto anameza dawa na ameshaanza kuuliza lini ataita namba tena.

Na siku moja asubuhi, katikati ya wiki, wakaingia watatu pamoja. Yule mzee, yule aliyekuwa na rasta, na yule wa mkoba. Wamekuwa marafiki, kumbe siku ile walibadilishana namba za simu kwenye benchi. Mzee akaangalia ukutani, akauliza, "Fundi, boksi liko wapi?"

Nikawanyoa kwa ofa ileile. Kiti kilikuwa wazi, saa 4 asubuhi, barabara kimya, ndiyo wateja niliokuwa nawafikiria tangu mwanzo.

Jioni yake nikatafuta boksi jingine. Safari hii nikapima kwa penseli, mistari wima, nikapaka pande zote mbili, nikaanza na sharti badala ya ofa ili lisije likajificha chini tena. Nikaandika JUMANNE NA JUMATANO ASUBUHI TU, kubwa, nyekundu, safi kabisa, nikarudi nyuma nijisifu.

Dogo akaja akasimama pembeni yangu, akaangalia ule ukanda mwembamba uliobaki chini.

"Sawa bosi," akasema, "sasa hiyo Jumanne asubuhi kuna nini?"